Jaribio la Kurasa Mbili: Jinsi Chuo cha Udereva Kinavyoweza Kuongeza Maulizo

Jaribio la kurasa mbili ni njia ya kupima ni toleo lipi, kati ya matoleo mawili ya ukurasa uleule wa mtandaoni, linalowafanya watu wengi zaidi waulizie huduma. Chuo cha udereva kinachojitangaza kupitia Facebook, Instagram au Google huwa na ukurasa unaofunguka mara mtu anapogusa tangazo. Ukurasa huo una kazi moja tu: kumfanya aliyefika apige simu, atume ujumbe wa WhatsApp au ajaze fomu. Wakati wa jaribio, nusu ya wageni huonyeshwa ukurasa wa zamani, ambao huitwa A, na nusu nyingine huonyeshwa ukurasa uliobadilishwa, ambao huitwa B. Kompyuta ndiyo inayoamua kwa bahati nasibu nani aone upi. Muda uliopangwa ukiisha, maulizo ya kila upande huhesabiwa na kulinganishwa.

Njia hii ni ya zamani kuliko intaneti. Katika miaka ya 1920, mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza, alikuwa akigawa vipande vya shamba kwa bahati nasibu ili ajue kama mavuno yameongezwa na mbolea au na rutuba iliyokuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1923, Mmarekani Claude Hopkins alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara walivyoweka kuponi zenye alama tofauti kwenye matangazo ya magazeti, kisha wakahesabu kuponi zilizorudi ili wajue tangazo gani limevuta wateja.

Mfano maarufu wa zama za intaneti ni wa kampeni ya Barack Obama ya kuwania urais wa Marekani mwaka 2008. Timu yake ilipima maneno 4 ya kitufe na picha au video 6 kwenye ukurasa wa kuwaandikisha wafuasi. Wengi katika timu walidhani video ingeshinda. Matokeo yalikuwa kinyume: video zote zilishindwa na picha ya familia ya mgombea, na kiwango cha waliojiandikisha kilipanda kutoka asilimia 8.26 hadi asilimia 11.6. Ukurasa huo, hata hivyo, ulitembelewa na watu zaidi ya 310,000 wakati wa jaribio. Chuo cha udereva cha mtaani hakiwezi kupata umati huo, na uchache huo wa wageni ndio unaoamua kipimwe nini na kipimwe vipi.

Kuchagua cha kupima

Tuchukue mfano wa chuo kimoja cha kubuni jijini Dar es Salaam, kinachofundisha udereva wa magari madogo ya binafsi, yaani leseni ya daraja D. Matangazo yake huleta wageni wapatao 1,000 kwa wiki kwenye ukurasa. Kati ya hao, 40 huuliza. Kiwango cha maulizo ni asilimia 4. Ukurasa una picha ya gari lenye bango la mwanafunzi, orodha ya madaraja ya leseni, ramani ya ofisi, na kitufe cha WhatsApp chenye maneno "Wasiliana nasi". Ada haikutajwa popote.

Badiliko linalofaa kupimwa halitoki kichwani mwa mbunifu wa kurasa, bali kwenye daftari la mapokezi. Mhudumu anayejibu simu na ujumbe anajua kinachowasumbua watu. Akisoma ujumbe wa miezi michache iliyopita, ataona maswali yaleyale yakijirudia: ada ni kiasi gani, je, inalipwa kwa awamu, mafunzo huchukua siku ngapi, kuna vipindi vya jioni au Jumamosi kwa wafanyakazi, gari ni la gia za kawaida au la otomatiki, kuna mwalimu wa kike. Swali linaloongoza ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa kila anayeliuliza anawakilisha wengine waliojiuliza hilohilo wakaufunga ukurasa bila kusema neno.

Katika mfano huu, swali linaloongoza ni la ada. Hapo dhana ya kupimwa huandikwa kwa sentensi moja: wageni wengi huondoka kwa sababu hawajui gharama, hivyo ukurasa ukitaja ada na namna ya kuilipa, maulizo yataongezeka. Ukurasa B unabaki sawa na A kwa kila kitu, isipokuwa sehemu ya juu ambako sasa pameandikwa kwamba ada ya mafunzo ni shilingi 280,000, inaweza kulipwa kwa awamu 2, na haijumuishi malipo ya serikali ya leseni ya kujifunzia na leseni yenyewe.

Dhana ya namna hii inaweza kushindwa, na ndiyo maana inapimwa. Wenye vyuo wengi huficha ada kwa hofu kwamba mtu akiiona atakimbilia kwa jirani, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Jaribio linaweza kuonyesha kwamba walikuwa sahihi.

Kugawa wageni kwa haki

Kosa la kwanza linaloharibu majaribio ni kuonyesha A wiki hii na B wiki ijayo. Wateja wa chuo cha udereva hawaji kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Mwisho wa mwezi mishahara inapotoka, maulizo hupanda. Wahitimu wa kidato cha nne wanapomaliza mitihani mwezi Novemba, vijana wengi hutafuta la kufanya, na udereva ni mojawapo. Ukurasa B ukiangukia wiki ya mishahara utaonekana bora hata kama hauna tofauti yoyote na A. Kurasa zote mbili lazima ziwe hewani kwa wakati mmoja.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuonekana. Mtu anaweza kutengeneza matangazo mawili kwenye Facebook, moja likipeleka watu A na jingine likipeleka B, akidhani amegawa sawa. Mfumo wa matangazo hautumi matangazo hayo kwa watu wa aina moja. Hujifunza haraka nani hugusa tangazo lipi, na baada ya siku chache tangazo moja linaweza kuwa linaonyeshwa zaidi kwa vijana na jingine kwa watu wazima. Hapo kinachopimwa si kurasa tena, bali makundi mawili tofauti ya watu. Mgawanyo salama hufanyika baada ya mtu kugusa tangazo moja: anafika kwenye anwani moja, na hapo ndipo seva ya tovuti humchagulia A au B.

Mgeni aliyeona A leo akirudi kesho anapaswa kuona A tena. Kwa hiyo tovuti huweka kuki, yaani kijifaili kidogo kwenye simu yake, kinachokumbuka upande wake. Kazi hii hufanywa na programu za nyongeza zinazopatikana kwa tovuti nyingi za kawaida. Google nayo ilikuwa na chombo cha bure kilichoitwa Google Optimize, lakini ilikifunga Septemba 2023, hivyo maelekezo ya zamani yanayokitaja hayafanyi kazi tena.

Kuna ukaguzi mmoja rahisi wa kujua kama mgawanyo umeharibika. Wageni 4,000 wakigawanywa kwa bahati nasibu, kila upande utapata karibu 2,000, na ni nadra upande mmoja kuzidi 2,070. Hesabu ikionyesha 2,200 upande huu na 1,800 upande ule, hiyo si bahati, ni hitilafu. Mara nyingi chanzo ni kwamba ukurasa mmoja huchelewa kufunguka, pengine kwa sababu ya picha nzito, na watu wenye mtandao dhaifu huondoka kabla hawajahesabiwa. Matokeo ya jaribio kama hilo hutupwa, hitilafu hurekebishwa, na kazi huanza upya.

Kuhesabu ulizo la kweli

Vyombo vingi vya kupima huhesabu mguso wa kitufe. Kwa biashara inayopokea wateja kupitia WhatsApp, hesabu hiyo hudanganya. Mtu anaweza kugusa kitufe kwa bahati mbaya, WhatsApp ikafunguka, naye akarudi nyuma bila kutuma kitu. Ulizo ni ujumbe uliofika kwenye simu ya chuo, si kidole kilichogusa kioo.

Dawa yake ni nyepesi. Kiungo cha WhatsApp kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, na ujumbe huo ukatofautiana kidogo kwa kila ukurasa. Kwa ukurasa A kiungo kinaweza kuwa hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20naomba%20maelezo%20ya%20mafunzo%20(A)
```

Ukurasa B huishia na `(B)`. Mhudumu anapopokea ujumbe huona herufi na kuiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Kwa wanaopiga simu, kila ukurasa hupewa namba yake, na namba zote mbili hupokelewa na mhudumu yuleyule. Mtu mmoja akituma ujumbe mara tatu anahesabiwa mara moja. Kanuni hizi huandikwa kabla ya jaribio kuanza, kwa sababu zikiamuliwa baadaye, ni rahisi kuamua kwa kupendelea upande unaotamaniwa ushinde.

Daftari hilo lina majina na namba za simu za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo taarifa hizo zinapaswa kutumika kwa kumjibu aliyeuliza, na si kugawiwa kwa wafanyabiashara wengine.

Wageni wangapi wanatosha

Sarafu ikirushwa mara 10 inaweza kuonyesha upande mmoja mara 7 bila kuwa na kasoro. Maulizo nayo hupanda na kushuka kwa bahati vivyo hivyo, na jaribio fupi haliwezi kutenganisha bahati na ubora. Kwa hiyo idadi ya wageni hukadiriwa mapema. Wanatakwimu hutumia kanuni hii ya haraka:

```
n = 16 × p × (1 − p) ÷ d²
```

Hapa n ni idadi ya wageni kwa kila ukurasa, p ni kiwango cha maulizo kinachotarajiwa, na d ni tofauti ndogo kabisa ambayo chuo kingependa kuigundua. Chuo cha mfano kinataka kujua kama ada ikitajwa itapandisha maulizo kutoka asilimia 4 hadi 6. Wastani wake ni asilimia 5, yaani 0.05, na tofauti ni 0.02. Jibu ni wageni 1,900 kwa kila ukurasa, yaani 3,800 kwa pamoja. Kwa wageni 1,000 kwa wiki, jaribio litachukua takriban wiki 4. Hata hapo, kanuni hii haitoi uhakika kamili: tofauti ya ukubwa huo ikiwapo kweli, jaribio litaiona mara 4 kati ya 5.

Sasa tuseme mwenye chuo anataka kupima rangi ya kitufe, na anatarajia kiwango kipande kutoka asilimia 4 hadi 4.4. Kanuni ileile inadai wageni wapatao 40,000 kwa kila ukurasa. Kwa chuo hiki hiyo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kusubiri. Kampuni zenye mamilioni ya wageni zinaweza kupima rangi, lakini chuo cha udereva hakiwezi. Chenye wageni wachache kinapaswa kupima mambo makubwa tu: ada, ratiba ya vipindi, malipo ya awamu, au njia ya kuwasiliana. Wageni wakiwa wachache zaidi, kwa mfano 100 kwa wiki, jaribio hili halifai kabisa. Hapo ni afadhali kuwapigia simu watu 20 waliouliza wasijiandikishe, na kuwauliza kilichowazuia.

Muda wa jaribio hukamilishwa kwa wiki nzima nzima, maana wageni wa Jumapili hawafanani na wa Jumanne, na ni vizuri uguse mwisho wa mwezi angalau mara moja.

Hatari ya kuchungulia

Siku ya sita ya jaribio, daftari linaonyesha maulizo 9 kwa A na 20 kwa B. B ina zaidi ya mara mbili, na kishawishi cha kutangaza mshindi ni kikubwa. Kufanya hivyo ni kosa linalotendwa kuliko yote. Jaribio la kawaida hukubali hatari ya asilimia 5 ya kuona tofauti isiyokuwapo, lakini hatari hiyo ni ya kusoma matokeo mara moja tu, mwishoni. Anayesoma mara 10 njiani, akiwa tayari kusimama popote atakapoona mshindi, huipandisha hatari hiyo hadi karibu asilimia 19. Kadiri anavyochungulia, ndivyo anavyojipa nafasi nyingi za kuikuta bahati mahali ilipopanda.

Kuchungulia kunaruhusiwa kwa sababu moja: kuona kama kuna kitu kimeharibika, mathalani namba ya simu isiyopatikana au ukurasa usiofunguka. Uamuzi juu ya mshindi husubiri tarehe iliyopangwa.

Kusoma matokeo

Wiki 4 zimeisha. Ukurasa A ulipata wageni 2,010 na maulizo 82, ambayo ni asilimia 4.1. Ukurasa B ulipata wageni 1,990 na maulizo 121, ambayo ni asilimia 6.1. Mgawanyo wa wageni uko sawa, hivyo hesabu inaweza kuendelea.

Kama pande zote mbili zina wageni karibu sawa na maulizo ni sehemu ndogo ya wageni, kuna kipimo kinachoweza kufanywa kwa kikokotoo cha simu. Toa maulizo machache kutoka kwenye mengi: 121 toa 82 ni 39. Kisha jumlisha maulizo yote, 203, na utafute kipeuo chake cha pili, ambacho ni takriban 14.2. Zidisha kwa 2, upate 28.4. Tofauti ikizidi namba hiyo, ni vigumu kuihusisha na bahati tupu. Hapa 39 imezidi 28.4, hivyo B imeshinda.

Kilichoshinda, hata hivyo, hakijulikani kwa usahihi wa nukta. Hesabu kamili huonyesha kwamba faida ya kweli ya B inaweza kuwa ndogo kiasi cha ulizo 0.6 zaidi kwa kila wageni 100, au kubwa kiasi cha 3.4. Anayepanga bajeti ya mwaka kwa kudhani kwamba maulizo yataongezeka kwa nusu nzima kila mwezi anaweza kukatishwa tamaa. Picha ya siku ya sita, iliyoonyesha B ikiwa zaidi ya mara mbili, ilikuwa imetia chumvi.

Ulizo si ada

Chuo hakilipi mishahara ya walimu kwa maulizo. Baada ya mwezi mwingine, daftari linaonyesha kwamba kati ya maulizo 82 ya A, watu 25 walijiandikisha na kulipa, na kati ya 121 ya B, watu 34 walifanya hivyo. Kwa kipimo kilekile, tofauti ni 9, na mara mbili ya kipeuo cha pili cha 59 ni takriban 15. Tofauti haijavuka mpaka. Walioandikishwa wameelekea upande uleule wa maulizo, lakini ni wachache mno kuthibitisha jambo. Uamuzi wa busara ni kuuacha ukurasa B uendelee kutumika, kwa kuwa umeshinda kwenye maulizo na haujaonyesha dalili ya kuleta watu wasio na nia, huku mapokezi yakiendelea kuhesabu wanaolipa.

Hatua hii ndiyo inayolinda chuo dhidi ya ushindi wa uongo. Ukurasa unaoahidi leseni ndani ya siku 3 bila mtihani ungemiminisha maulizo. Lakini leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mtahiniwa hupimwa kwanza na askari wa usalama barabarani, si na chuo. Wanaovutwa na ahadi hiyo wangejua ukweli siku ya kwanza ofisini, wangeondoka, na sifa mbaya ingebaki. Kurasa zote mbili zinazopimwa zinapaswa kusema kweli tupu, na ada inayotajwa iwe ileile kwa kila mteja, awe ametokea A au B.

B ikishashinda huwa ndiyo A mpya, na swali la pili kwenye daftari, pengine la vipindi vya jioni, huingia kwenye jaribio linalofuata. Si kila jaribio litaleta mshindi. Likiisha bila tofauti, chuo hubaki na ukurasa wake wa zamani, na kinakuwa kimejua kwamba badiliko hilo halina uzito wa kutosha kugharamiwa.